Namba Mbili za Moyo Safi

Mchungaji Jonasi aliuweka muswada mezani, ofisini kwa usharika wetu hapa Chapwa, kama mtu aliyeleta habari za msiba.

"Dada Ikupa, sura ya zaburi tunaiondoa. Tanbihi zake zimekosewa. Mzee amechoka, tumwonee huruma."

Mzee mwenyewe ni Mchungaji mstaafu Gwalugano, aliyenibatiza. Namwita Babu ingawa hatuna undugu. Kitabu chake ni mafundisho kwa wainjilisti wa vijijini, na sura ya zaburi ndiyo aliyoihangaikia tangu macho yake yakiwa mazima. Mimi, shahada ya theolojia mkononi na ajira bado, ndiye niliyemchapia. Kesho yake kilitakiwa kiende kwa mchapaji.

"Zimekosewaje, Mchungaji?"

"Anasema moyo safi uko Zaburi 51:12. Fungua Biblia ya Union hapo."

Nilifungua. Ulikuwa mstari wa kumi.

"Zaburi ya nane nayo, ameandika mstari wa tano, kumbe ni wa nne. Halafu hii 'roho imara' kaitoa wapi? Union inasema 'roho iliyotulia.' Sasa anatunga!"

Nikaomba anipe mpaka jioni.

"Sawa. Ila usije ukalia hapa, nakujua."

Nilikagua tanbihi moja baada ya nyingine. Zaburi ya 23, sawa. Ya 103, sawa. Ya nane imezidi kwa mmoja, ya 51 kwa miwili, na kila mstari wa zaburi hiyo umezidi vilevile. Nilishangaa. Mtu aliyechoka hukosea ovyo. Huyu alikuwa amekosea kwa utaratibu.

Ndipo macho yangu yakaangukia yale maneno madogo juu ya Zaburi 51: kwa mwimbishaji, zaburi ya Daudi, habari za nabii Nathani. Katika Biblia yetu hayana namba. Nikafungua Biblia ya Kiebrania niliyotoka nayo chuoni. Kule yana namba! Utangulizi wa ya nane ni mstari mzima. Wa ya 51 ni mrefu, umechukua mistari miwili. Wa ya 23 ni mfupi, umo ndani ya mstari wa kwanza, kwa hiyo hausogezi kitu.

Nilikwenda kwa Babu karibu nikikimbia, muswada kwapani. Alikuwa barazani na binti yake Rozi, mwinjilisti, aliyekuwa akichambua maharage.

"Shikamoo Babu. Zaburi unazihesabu kwa Kiebrania?"

"Marahaba. Nilizishika hivyo chuoni, na namba zake. Kwani wewe ulidhani namba zilishuka pamoja na mana?"

"Na 'roho imara'?"

"Neno lao ni *nakhon*. Kitu kilichosimama, kisichoyumba. Nimetafsiri mwenyewe."

"Hukuandika kwamba ni tafsiri yako."

"Si inajulikana?"

"Mchungaji Jonasi hakujua. Anataka kuiondoa sura yote."

Babu aliacha mzaha. Nikamweleza ninavyofikiri: tuandike Zab. 51:10, halafu kwenye mabano, Kiebr. 51:12. Akakataa.

"Namba ya asili ndiyo ikae kwenye mabano, kama mgeni?"

Rozi alijifuta mikono, akachukua Biblia yake. "Baba, nitajie huo wa moyo safi kama ulivyoandika."

"Hamsini na moja, kumi na mbili."

Akasoma kwa sauti: "Unirudishie furaha ya wokovu wako." Akageuza ukurasa, akarudi. "Moyo safi uko wapi hapa? Nikisimama kanisani Ivuna nikasoma hivi, watanicheka mimi, siyo wewe."

Babu aliweka kidole juu ya muswada asioweza tena kuusoma.

"Andika namba ya Rozi kwanza," akasema.

Tulifanya kazi mchana wote. Tanbihi ya kwanza ikaeleza kwamba mistari yote ni ya Union isipoonyeshwa vinginevyo, na kwamba namba ya Kiebrania itafuata kwenye mabano pale inapotofautiana. Neno la Kiebrania likaandikwa kwa herufi zetu, kwa hati ya mlazo. Kwenye "roho imara" tukaongeza: tafsiri ya mwandishi. Babu alitaka nimsomee hayo mara mbili.

Jioni Mchungaji Jonasi alizipitia zote, Biblia mbili zikiwa wazi mbele yake, akihesabu kwa kalamu.

"Kumbe tulitaka kumchinja mzee bure," akasema. Akaweka sahihi, sura ikabaki. Nikaanza kukusanya karatasi, lakini aliizuia moja.

"Ngoja. Hapa mlipomnukuu Yoeli mmeandika 2:28, halafu Kiebr. 3:1. Hii sasa ni sura nzima imehama! Kuna utangulizi gani huko?"

"Hakuna. Yoeli wa Kiebrania ana sura nne, wetu tatu."

"Nani aliyezigawa?"

"Sijui, Mchungaji."

Akavuta kiti. "Basi mpigie mzee, kabla hajalala."