Mabomba Jumamosi ya Mwisho

Mume wa dada yangu alileta mpango wake wa marudio kwenye karatasi kubwa, akaukunjua juu ya meza ya chakula huku sahani bado hazijaondolewa. Wiki tatu, rangi tatu. Nyekundu kwa mada ngumu, njano kwa za wastani, kijani kwa rahisi. Zilianza nyekundu, zikaishia na kijani.

"Ngumu nazimaliza kichwa kikiwa bado kizima," alisema. "Wiki ya mwisho nateremka tu."

Sote nyumbani tunamwita Fundi. Ana miaka kumi na saba kwenye kituo cha pampu za maji, na minne kwenye masomo ya jioni ya uhandisi. Mtihani wa mekanika ya viowevu aliufanya mwaka uliopita, akapata thelathini na moja kwa mia. Kufaulu ni hamsini. Chuo kinaruhusu kurudia mara moja tu. Ukianguka tena unaondolewa, na hiyo miaka minne unabaki nayo mwenyewe. Mimi nafanya kazi kwenye maabara ya maji ya chuo hicho, kwa hiyo dada aliamua kwamba tatizo ni langu pia.

Niliusoma mpango wote. Jumatatu ya kwanza aliweka tabaka la mpaka, yaani ule ukanda mwembamba wa maji unaoburutwa na uso wa kitu kinachopitiwa. Mabomba yalikuwa chini kabisa, kwa kijani: Jumamosi ya mwisho, mchana, kwa muda wa saa mbili.

"Shemeji, ugumu umeupimaje?"

"Nimeupimaje vipi? Naujua."

"Umefanya swali la kila mada ukaangalia alama?"

"We naye! Nikifanya maswali yote leo, hizo wiki tatu nitasoma nini?"

"Mabomba kwa saa mbili tu?"

Akacheka, akamgeukia dada. "Mwambie mdogo wako. Mimi nimeanza kuzika mabomba yeye akiwa hajajua kufunga kamba za viatu."

"Hilo ni kweli," alisema dada, akikusanya sahani.

Nikawaeleza kwamba swali la kwanza la mtihani huo ni la lazima, lina alama thelathini, na kwa miaka sita mfululizo limekuwa la mabomba. Fundi akasema ndiyo maana hana wasiwasi. Kilichommaliza mwaka jana ni tabaka la mpaka. Nilimuuliza amejuaje, maana chuo hakirudishi karatasi za majibu. Akasema mtu hujua alipopigwa. Nikainuka kumsaidia dada sahani, kwa sababu nilikuwa nimeanza kupandisha sauti.

Jumatatu hadi Alhamisi alikuwa kwenye tabaka la mpaka. Zamu yake huisha saa nane. Saa kumi anakuwa mezani. Kila siku nilikuta ukurasa uleule. Ili kukokotoa nguvu inayoburuta bamba, lazima ujue momenta, yaani tungamo mara kasi, kiasi gani inaingia na kiasi gani inatoka kwenye eneo ulilochora. Momenta aliipangia wiki ya pili, kwa njano.

"Sasa hii alama ni ya nini?" aliniuliza Alhamisi.

"Hiyo ni momenta inayotoka."

"Mbona sijaisoma?"

"Umeipangia Jumatano ijayo."

"Basi nipe kwa ufupi."

"Shemeji, mada ngumu si ngumu kwa sababu ya rangi. Hii imesimama juu ya nyingine tatu, na zote umeziweka nyuma yake."

"Unapenda sana kubishana," alisema, akafungua ukurasa uleule.

Ijumaa nilimfuata kituoni kabla zamu haijaisha. Chumba cha uendeshaji kina madirisha ya vioo viwili, lakini meza inatetemeka vilevile kwa pampu za chini. Nilikuwa na karatasi moja, swali nililolitoa kwenye mitihani ya zamani na kubadilisha namba. Mafuta mazito yanapita kwenye bomba lenye kipenyo cha milimita mia, urefu wa mita mia mbili. Kimo kinachoyasukuma, kutoka tangini hadi mdomo wa bomba, ni mita kumi na mbili. Mnato, yaani kiasi mafuta yanavyogoma kutiririka, umetolewa. Tafuta ni lita ngapi zinapita kwa sekunde.

"Hili? Hili ni la kijani."

"Lifanye."

Alilifanya kwa dakika sita, akipiga mluzi. Hakuangalia mnato hata kidogo. Alichukua kigezo cha msuguano 0.02, akapata kasi ya mita 2.43 kwa sekunde, akaandika lita kumi na tisa, akapiga mistari miwili chini ya jibu.

"Hiyo 0.02 umeitoa wapi?"

Akaonyesha ukutani. Lilikuwepo jedwali lililofunikwa kwa plastiki, limebandikwa kwa gundi ya manjano, lenye vipenyo na vigezo. "Hilo halijawahi kunidanganya."

"Ni la maji, kwenye mabomba ya kituo hiki. Chukua kasi yako mwenyewe, zidisha kwa kipenyo, gawanya kwa mnato niliokupa."

Alipiga hesabu. Namba ya Reynolds, inayoonyesha kama mtiririko ni tulivu au wa vurugu, ikatoka elfu moja mia mbili na kidogo. Akaitazama.

"Ni chini ya elfu mbili," alisema.

"Kwa hiyo?"

"Mtiririko tulivu. Kigezo ni sitini na nne kugawanya kwa Reynolds." Akaacha kupiga mluzi. Alirudia hesabu kwa kanuni ya mtiririko tulivu, polepole, akifuta mara mbili. Kasi ikawa mita 0.92. Lita saba na nukta mbili. Kigezo halisi kilikuwa karibu mara saba ya kile cha ukutani.

"Mwaka jana, swali la kwanza lilikuwa la nini?" nilimuuliza.

"Mafuta."

"Na ulitumia...?"

"Basi, shemeji. Nimesikia."

Mtu mwingine pale angemwonea huruma. Mimi nilitoa karatasi nyingine, kwa sababu zilibaki siku kumi na sita na mada zilikuwa nane.

Jumamosi alifanya swali moja moja la kila mada, kwa kupimiwa muda, nikasahihisha kama mtu asiyemjua. Kisha tukapanga upya: kwanza mada zinazobeba nyingine, na ndani ya hizo, ile aliyopotezea alama nyingi ilipata siku nyingi. Maji yaliyotulia siku moja, kanuni ya Bernoulli siku mbili, momenta mbili. Mabomba yakapata siku sita, maana hata kwa maji alikuwa hajui kubahatisha kigezo, kupata kasi, kusoma kigezo kipya kwenye chati, na kurudia mpaka namba zitulie. Tabaka la mpaka tuliliacha nje. Maswali ya hiari yalitosha bila hilo.

Alilalamika siku tatu nzima juu ya tabaka la mpaka, kama mtu aliyeporwa. Dada naye akalalamika kwamba meza yake haijaonekana tangu mwezi uanze.

Matokeo yalibandikwa kwenye ubao wa idara wiki nne baada ya mtihani, tukaenda kuyaona pamoja. Fundi alikuwa na hamsini na saba. Nilimpigia simu dada nikiwa palepale. Alipiga yowe nikalazimika kuiweka simu mbali na sikio. Nilipogeuka, shemeji hakuwepo. Nilimkuta dirishani kwa karani wa mitihani, akijaza fomu.

"Fomu ya nini hiyo?"

"Rufaa. Swali la kwanza, mwalimu amesema nimepata ishirini na nane. Mbili zimekwenda wapi?"

"Shemeji, umefaulu."

"Najua nimefaulu. Nauliza mbili zimekwenda wapi."

"Labda hukuandika vipimo."

"Niliandika. Lita kwa sekunde, wazi kabisa. Kalamu yako iko wapi? Hii imekauka."

Karani alinitazama. Nikampa shemeji kalamu.