Kinakuja Jumamosi

Imakulata alikuwa na kipaji cha kukuacha unajiuliza, na hilo hakuna aliyebisha. Hata salamu yake ilikuwa na mkia. Ndiyo maana bosi wake Margwe, mwenye duka la simu pale Mbulu mjini, alipoletewa habari kwamba kuna simu mpya inazinduliwa, hakumtafuta mtu wa Arusha. Alimwita yeye akamkabidhi karatasi ya masharti kutoka kampuni.

Simu yenyewe iliitwa Rada Saba. Lakini jina hilo halikuruhusiwa kutajwa mpaka siku ya uzinduzi, Jumamosi saa tatu asubuhi. Jina marufuku, picha marufuku, bei marufuku, na maboksi yakae na gundi yake bila kufunguliwa. Kilichoruhusiwa ni mstari mmoja kwa siku kwa siku saba, na kila mstari udokeze jambo moja tu: betri, kutoingiza maji, kushika mtandao mbali. Watu wakae wanakisia.

"Ukiwafanya wakisie vizuri," Margwe alimwambia, "duka la Katesh ninalofungua mwakani ni lako kulisimamia."

Sasa mtu mwenye miaka ishirini na sita, aliyechoka kufuta vumbi kwenye makava ya simu, ukimwambia hivyo atalala? Siku ile ile, Jumamosi ya wiki moja kabla ya uzinduzi, aliandika mstari wa kwanza, akauweka kwenye status ya duka na kwenye ubao wa chaki pale mlangoni: "Zimebaki siku saba. Kuna kitu kinakuja, na Mbulu tutakuwa wa kwanza." Kufika jioni watu zaidi ya mia mbili walikuwa wameuona, wengine kutoka Katesh, wengine hata Gehandu kule, wanauliza ni nini. Imakulata akajiona bingwa.

Lakini Margwe aliwataka na wakulima wa vijijini, wale ambao bando lao huisha kabla ya wiki kuisha. Hapo ndipo Imakulata alipomkumbuka baba yake, na bora angemsahau.

Mzee Yoakimu Sulle alikuwa msoma matangazo wa kigango chao huko Tlawi, na alikuwa ameifanya kazi hiyo miaka ishirini na mbili. Padre hufika mara moja kwa mwezi, Jumapili nyingine ibada anaongoza katekista, lakini matangazo ni ya Yoakimu. Ndoa, misiba, chanjo ya ng'ombe, zamu ya kulima shamba la kanisa, vyote hupita mdomoni mwake, na vikishapita hapo hakuna anayeuliza tena. Mtu akileta umbea, wenzake humwambia, "Yoakimu amesoma?" Kama hajasoma, basi ni umbea.

Imakulata akampigia. "Baba, nina tangazo fupi la kazini. Nitakutumia mstari kila siku, wa Jumapili usome, mingine uibandike mlangoni mwa kanisa."

"Ni tangazo la nini?"

"Ndiyo utamu wake, baba. Halisemwi mpaka siku ifike."

Mzee alikohoa kidogo. Hakupenda. Lakini aliyeomba ni binti yake, wa kwanza katika ukoo kufanya kazi ya kukaa kwenye kiti, na akakubali. Jumapili, kati ya tangazo la ndoa na la msiba, alisoma kwa sauti ile ile ya siku zote: "Zimebaki siku sita. Mvua haikiharibu, vumbi halikisumbui."

Jumatatu akabandika: "Zimebaki siku tano. Leo, kesho na keshokutwa, nguvu zake ni zile zile." Hiyo ni betri, jamani, ya siku tatu. Jumanne: "Zimebaki siku nne. Mkulima, safari hii umekumbukwa wewe." Na Jumatano: "Zimebaki siku tatu. Hamsini wa kwanza hawatarudi mikono mitupu. Njoo na namba yako ya NIDA." Hao hamsini walikuwa wapewe laini ya bure na kofia, na laini haisajiliwi bila namba hiyo ya kitambulisho cha taifa na alama ya kidole. Kwa mtu wa duka la simu, hayo yako wazi kabisa.

Ila ilikuwa Novemba. Mashamba yalishalimwa, mawingu yanazunguka juu ya Tlawi, na mbolea ya ruzuku, ambayo watu waliiandikishia majina na namba za NIDA tangu Agosti, ilikuwa haijaonekana hata mfuko mmoja. Watu wanaongoja mbolea wasome mlangoni mwa kanisa kwamba kuna kitu kinakuja, mkulima amekumbukwa, njoo na NIDA, wafikirie simu? Wewe ungefikiria simu?

Jumatano hiyo hiyo mchana, Yoakimu alipiga. Alikuwa mtu wa kubipu, lakini siku hiyo alipiga kwa salio lake.

"Imma, watu wanasema ni mbolea. Wanasema ni ya aina mpya, mvua haiwezi kuichukua. Ni mbolea?"

Imakulata alikuwa nyuma ya kaunta, simu ya duka mkononi, status imefika watu mia tisa. Masharti aliyajua kwa moyo. Yalikataza kusema kitu hicho ni nini. Hayakukataza kusema si nini. Neno moja tu, "siyo," lingetosha, na hakuna mtu wa kampuni ambaye angemgusa. Alilijua hilo wakati ule ule, wala asije akakudanganya kwamba alilijua baadaye.

"Baba, Jumamosi mtaona wenyewe."

"Niwaambie siyo mbolea?"

"Usiwaambie kitu. Waje tu."

Mzee akasema, "Haya," akakata. Na Imakulata, Mungu amsamehe, akarudi kuhesabu walioangalia. Alhamisi akaandika, "Zimebaki siku mbili. Hata shamba la mbali, hakikuangushi." Ijumaa akamalizia, "Kesho saa tatu, Mbulu mjini, penye turubai la mapulizo mekundu. Usimtume mtu, njoo mwenyewe."

Jumamosi alifika dukani saa moja na nusu akakuta punda. Punda kumi na moja, wamefungwa kwenye nguzo za turubai la uzinduzi, chini ya mapulizo mekundu. Wenye punda walikuwa wamepanga mstari mpaka kwenye duka la vipuri la jirani. Wengi ni wazee, kila mmoja na mifuko mitupu imekunjwa kwapani, wamevaa nguo za kanisani. Walitoka Tlawi alfajiri kwa miguu. Mbele kabisa alikuwa Mama Agatha, mjane wa jirani yao, aliyemfundisha Imakulata kukamua ng'ombe. Na pembeni, na koti lake la ibada, alikuwa Yoakimu akiwapanga watu wake vizuri wasisukumane.

Margwe alikuwa hajielewi kwa furaha. Hermani, ofisa wa kampuni, akapiga picha mstari ule pamoja na punda. "Mmewaletaje wote hawa?" akauliza. Margwe akamwonyesha Imakulata kwa kidole. Imakulata alitamani lile turubai limwangukie.

Angeweza kusema ukweli pale, kabla ya muziki. Akasema ngoja kwanza vipaza sauti vifungwe. Vikafungwa. Akasema ngoja Hermani amalize kutoa salamu. Hermani akamaliza. Saa tatu kamili akapewa maikrofoni na boksi, akachana gundi, akainua simu juu. Nyeusi, nene, nzuri. Vijana wa mjini wakapiga makofi na miluzi. Mstari wa Tlawi haukutikisika.

"Nzuri," alisema Mama Agatha, kwa adabu kabisa. "Na mbolea iko wapi, mwanangu?"

Mtu wa nyuma akauliza kwa Kiiraqw, mwingine akamjibu, na Imakulata aliona kwa macho yake habari ikirudi nyuma kwenye mstari, uso mmoja baada ya mwingine, mpaka kwenye punda. Kisha wote wakamgeukia Yoakimu.

Mzee alivua kofia yake. "Ndugu zangu, kosa ni langu," alisema. "Nilisoma kitu nisichokijua. Nilipaswa kumwuliza binti yangu, sikuuliza."

Maikrofoni ilikuwa mkononi mwa Imakulata, imewashwa. Kidole cha Margwe kilikuwa kinamzungushia hewani: endelea, endelea. Na yeye akaendelea, akataja ukubwa wa betri.

Hamsini wa kwanza walipewa laini na kofia kama ilivyoahidiwa. Mama Agatha aliweka kidole kwenye mashine ya kusajili, kikakataa mara tatu kwa sababu ya sugu za jembe, mara ya nne kikakubali. Kofia aliitia ndani ya mfuko wa mbolea, akaukunja, akamfungua punda wake. Imakulata alimfuata baba yake mpaka barabarani. "Shikamoo, baba," alisema, maana asubuhi yote hawakuwa wamesalimiana. Yoakimu aliitikia, "Marahaba," bila kusimama.

Simu ziliuzwa vizuri sana mjini. Duka la Katesh alipewa. Wiki nzima hakula vizuri, na Jumapili akapanda bodaboda kwenda Tlawi.

Alimkuta baba yake benchi la tatu. Halmashauri ya kigango ilikuwa imemwomba apumzike kidogo, ndivyo walivyosema, apumzike. Matangazo alisoma Sylvester, mwalimu wa shule ya msingi. Alipofika kwenye chanjo ya ng'ombe ya Jumanne, Mama Agatha akanyoosha mkono, akasimama, jambo ambalo halijawahi kutokea wakati wa matangazo tangu kanisa lile lijengwe.

"Hiyo ni chanjo kweli, mwalimu, au ni simu?"

Kanisa zima likacheka. Yoakimu naye akacheka, akichelewa kidogo, akiangalia magoti yake.

Hapo Imakulata akashindwa kuvumilia. Akasimama katikati ya akina mama. "Baba asilaumiwe," alisema. "Aliniuliza. Jumatano alinipigia akaniuliza mara mbili kama ni mbolea, nami nikamwambia asiwaambie kitu. Nilijua mnangoja mbolea. Kosa lote ni langu."

Alisema akilia, akategemea kuona uso wa baba yake ukifunguka. Lakini mzee alikuwa amefumba macho. Kicheko kilikwisha. Mama Agatha alikuwa bado amesimama, na safari hii hakuwa na utani.

"Kwa hiyo uliuliza, Yoakimu?"

"Niliuliza."

"Na ukanyimwa jibu, ukabandika tena Alhamisi na Ijumaa. Halafu pale dukani ukatuambia hukuuliza."

"Niliwaambia hivyo."

Mama Agatha akatikisa kichwa polepole, akakaa. Imakulata bado alikuwa wima, hajui aweke wapi mikono. Sylvester alimngoja kidogo, kisha akainamisha kichwa kwenye karatasi yake akasoma tena, neno kwa neno, kwamba chanjo ni Jumanne, saa mbili, kwenye josho.