Naai ya Siku ya Kwanza

Seleyian alikuwa mshauri nasaha mjini Kitengela, katika chumba kimoja juu ya duka la dawa za mifugo, na kila mteja mpya alipewa maneno yale yale kabla ya kuulizwa kilichomleta. Unayosema hapa yanabaki hapa. Nitamweleza msimamizi wangu kazi yangu, lakini jina lako sitalitaja. Ukiniambia utajiua, au utamdhuru mtu, au nikijua kuna mtoto anayeumizwa, hapo nitamwambia anayeweza kuzuia, na nafasi ikiwepo nitakuarifu wewe kwanza. Korti nayo ikiniamuru, sina budi. Unaweza kukataa, na unaweza kuacha siku yoyote. Alikuwa ameyasema mara nyingi mno hata yakapata mdundo, na mdundo huo ndio uliomponza.

Lemein, dereva wa lori la maji, aliketi siku hiyo ya kwanza na kofia mapajani, akamsikiliza mwanamke wa Kimaasai akitamka kifungu kimoja kimoja kwa sauti ya chini, akinyamaza kidogo baada ya kila kimoja. Mtu aliyelelewa kwao hafundishwi la kufanya mbele ya maneno ya namna hiyo. Wazee wakibariki, watu huitikia. Basi akainamisha kichwa, akaitikia kwa Kimaasai kama asemaye amina.

"Naai," alisema. Kifungu kingine. "Naai."

Akaitikia hadi mwisho, kisha akatia sahihi kwenye fomu ya kukubali masharti hayo. Seleyian naye ameitikia baraka tangu hajaota meno, kwa hiyo alisikia raha tu, kama mtu aliyekaribishwa nyumbani. Wateja wengine wote aliwaambia wamweleze kwa maneno yao walichoelewa. Huyu hakumwuliza. Elimu haimzuii mtu kulewa sauti yake mwenyewe.

Majuma yakapita na Lemein akafunguka. Daktari mmoja Nairobi alikuwa amempima na kumwambia hataweza kuzaa. Matokeo hayo aliyaficha, akamwacha mkewe Naeku aitwe tasa na ukoo mzima. Kaka yake mkubwa, Kisemei, ndiye aliyeshika ardhi ya marehemu baba yao kule njia ya Isinya, naye alikuwa akitangaza kwa mdomo mpana kwamba fungu la Lemein litakwenda kwa wanawe yeye, kwani nyumba isiyo na mtoto inataka ardhi ya nini. Kila yaliposemwa hayo Naeku alitazama chini, na Lemein alimeza mate. Aibu ile ilimla zaidi ya hasira, alisema, na Seleyian alimwamini.

Alasiri moja akaja akiwa mtulivu, utulivu usiopendeza.

"Kesho asubuhi nampelekea Kisemei maji," alisema. "Nimenoa simi. Iko chini ya kiti ya lori."

Seleyian hakurukia neno. Watu wengi huua kwa mdomo na jioni wakanywa chai na huyo huyo waliyemuua. Alimwuliza kama ni hasira inayosema au ameshaamua. Ameamua. Je, anaweza kuiacha simi hapa? Hawezi. Mtu mwingine apeleke maji? Hapana. Waende wote wawili wakazungumze na mzee anayemheshimu? Lemein alitikisa kichwa, akavaa kofia.

"Lemein, hili siwezi kulificha. Nitawaambia polisi, na nitamwambia Kisemei. Nakuarifu wewe kwanza."

Lemein alimtazama kama mtu aliyepigwa na mama yake bila kosa.

"Si uliomba hapa, mimi nikaitikia?"

"Hayakuwa maombi."

"Sasa yalikuwa nini?"

Akashuka ngazi bila kungoja jibu. Seleyian alibaki ameketi. Ndipo alipojua kwamba mtu huyu hakuwahi kukubali chochote. Alikuwa amebarikiwa, basi, na baraka haina masharti.

Akampigia Dolphine, msimamizi wake, bila kutaja jina la mteja. Dolphine alimsikiliza mpaka mwisho.

"Anayelengwa anajulikana, siku inajulikana, silaha ipo, na amekataa kila njia," alisema Dolphine. "Unangoja nini?"

"Hakuelewa masharti. Nilimpotosha."

"Hilo ni kosa lako, na tutalizungumza mimi na wewe. Lakini halilipwi kwa shingo ya mtu. Piga simu. Sema linalookoa maisha, ukome hapo, halafu uandike ulichofanya na kwa nini."

Seleyian akawapigia polisi, akawapa jina, lori na simi. Nambari ya Kisemei haikumsumbua kuipata: Lemein mwenyewe ndiye aliyeitoa siku ya kwanza, alipoulizwa ni nani apigiwe simu akipatwa na jambo. Ndugu mwingine hakuwa naye.

Asubuhi yake, lori lilipofika kwenye lango la Kisemei likiwa limejaa maji, polisi na chifu walikuwa wameshafika. Lemein hakubisha. Alitoa simi mwenyewe, akaomba tu mtu afungulie maji yaingie kwenye tangi, kwa sababu watoto hawana kosa. Alilala korokoroni, akapelekwa kortini Kajiado, akaachiliwa kwa dhamana ya kutunza amani, akarudi kwenye lori lake.

Kisemei ndiye aliyekuja wa kwanza kupanda ngazi, na fimbo mkononi.

"Takwenya," alimwamkia.

"Iko," aliitikia Seleyian kwa Kimaasai.

"Umeniokoa, na mimi si mtu wa kusahau. Sasa niambie yote. Ni huyo bibi yake anamchochea?"

"Mzee, nilikwambia lililohusu uhai wako. Mengine si yako."

"Mimi ndio mkubwa wake. Niko na haki. Ukiniambia sababu, hii maneno inaisha leo."

Hapo pakawa pagumu. Sentensi moja tu ingemwondolea Naeku jina la tasa na la uchochezi kwa pamoja, na Seleyian alimwonea uchungu mwanamke huyo asiyemjua hata kwa sura. Lakini hatari ilikuwa imekwisha kuzuiwa, na siri iliyobaki haikuwa yake kugawa, hata kwa wema. Akapiga moyo konde.

"Hata ukiwa mkubwa wake, mzee, ya kwake siyasemi."

Kisemei aliondoka amekasirika, akapita akisema huko njiani kwamba mama yule wa ghorofani ana kiburi cha vyeti.

Zikapita siku nyingi. Seleyian hakutarajia tena kumwona Lemein, wala hakumlaumu. Kisha akamkuta amesimama mlangoni, kofia mkononi.

"Ulimwambia ya simi," alisema.

"Nilimwambia."

"Na ile ya daktari?"

"Hapana."

"Nilisikia Kisemei alikuja hapa. Akakuuliza?"

"Nasikia ukoo mzima umekaa kikao juu yako. Je, kuna aliyeitaja hiyo ya daktari?"

Lemein alifikiri. "Nimengoja hiyo neno kila siku. Hakuna aliyeisema." Akaingia, akaketi. "Anza tena yale ya kwanza."

Seleyian akaanza, safari hii bila mdundo. Alipofika mwisho wa kifungu cha kwanza akanyamaza, na mdomo wa Lemein ukafunguka wenyewe kuitikia, akaufunga.

"Ngoja niseme mimi," alisema. "Ya daktari inakaa hapa. Ya simi inatoka. Na wewe unaniambia kabla haijatoka, kama kuna nafasi."

"Ndiyo. Na samahani. Ningekuuliza hivi siku ile."

Lemein akakubali kwa kichwa polepole, akageuza kofia mikononi.

"Na mimi mwenyewe nikitaka kumwambia Naeku?"

"Hiyo ni yako kusema. Ukitaka, nitaketi nanyi."

"Basi nimwite," alisema Lemein. "Yuko hapo chini, ndani ya lori."