Miche Iliyoelemea Ukutani

Watu wa jengo lile walimbandika jina la Bi Miche, na jina likamganda. Alikuwa amepika miaka ishirini katika jiko la hospitali. Alipostaafu aliomba kitu kimoja tu kwa dada yake mkubwa, mwenye nyumba: chumba cha stoo kisicho na dirisha, aoteshe mrehani, nanaa na giligilani za kuwauzia wapishi wa hoteli.

Dada mkubwa hakuwa mtu wa kukataa moja kwa moja. Alisema chumba hicho kimemshinda kila aliyekitia mkono, lakini atamwachia kwa miezi miwili. Ikifika siku ya mwisho na hakuna trei hata moja ya miche ya kueleweka, kinapakwa rangi na kinapangishwa. Bi Miche alikubali. Moyoni alijua kwamba akikikosa chumba hiki, kilichobaki ni kukaa barazani kuhesabu watu wanaopita.

Kosa la kwanza alilifanya dukani. Alinunua taa ya zambarau kwa sababu ilionekana ya kitaalamu, akaifunga juu kabisa ya rafu, urefu wa mkono mzima kutoka kwenye udongo, akaiacha inawaka usiku na mchana. Alijiambia kwamba kama mwanga ni chakula, basi wale washibe. Miche ikaota mirefu, myembamba kama uzi, rangi ya maji ya mchele. Siku ya tisa ilianguka yote.

Mara ya pili aliishusha taa hadi vidole vinne juu ya majani. Kingo za majani zikajikunja na kuwa nyeupe kama karatasi. Mara ya tatu akairudisha juu na kusubiri. Wiki tano zilikuwa zimekwisha.

Miche ya mara ya tatu haikuanguka. Iliinama. Trei zote nne, mche kwa mche, zilikuwa zimeupa mgongo mlango na kuelekea ukuta wa nyuma, vichwa vimeinamishwa kama watu wanaosikiliza jambo. Taa ilikuwa juu yao, lakini hakuna hata mmoja ulioitazama. Akazigeuza trei. Kesho yake asubuhi miche ilikuwa imegeuka tena, yote, kuelekea ukutani.

Akamwita shemeji yake, mume wa dada mkubwa, fundi umeme. Shemeji alikuwa mtu wa maneno mengi na mikono ya taratibu. Aliitazama taa, akaitazama miche, akacheka kidogo.

"Shemeji, umewawekea taa ya disko halafu unataka wakae kwa adabu."

Kisha akaeleza vizuri. Taa ile karibu yote ilikuwa mwanga mwekundu, wa buluu ulikuwa kidogo sana. Mwekundu unaukuza mmea, lakini buluu ndiyo inayoufanya uwe mfupi na mnene, na ndiyo inayouonyesha upande wa kuelekea. Mche ukinyimwa buluu juu utaifuata popote ilipo, hata ikiwa chembe.

"Sasa popote hapo ni wapi?" akauliza Bi Miche. "Chumba hakina dirisha."

Shemeji alizima taa na kuufunga mlango, wakasimama gizani mpaka macho yakazoea. Ndipo wakauona. Chini ya ukuta wa nyuma palikuwa na tundu la waya wa zamani, lisilozidi upana wa penseli, na ndani yake mlikuwa na mwanga mweupe, baridi.

Upande wa pili wa ukuta ule palikuwa nyumbani kwa mwalimu mmoja mstaafu, aliyekuwa akiotesha mboga ndani kwa taa. Alifariki miaka miwili iliyopita. Nyumba ilifungwa, ndugu zake hawakurudi.

"Umeme wa pale nilikata mimi," shemeji akasema polepole. "Mita niliing'oa kwa mkono huu."

Kabla hajamaliza, ule mwanga ukazimika.

Shemeji alikohoa. Alisema labda kuna mtu aliyejiungia kwa njia za panya, na kwamba hayo si yao. Akaliziba tundu kwa utepe mweusi wa nyaya, tabaka tatu. Siku hiyohiyo alileta taa nyeupe za LED zilizoandikwa 6500K, yaani mweupe wenye buluu ya kutosha, akazining'iniza kwa minyororo, shibiri moja na nusu juu ya majani, akamwonyesha jinsi ya kuzipandisha kadiri miche inavyorefuka. Akafunga na taima: kuwaka saa kumi na moja alfajiri, kuzima saa tatu usiku, saa kumi na sita kamili. Mmea nao unahitaji giza, alisema, kama mtu anavyohitaji kulala.

Bi Miche aliihamisha miche iliyoinama, akaizika hadi shingoni. Baada ya siku nne ilisimama wima. Baada ya kumi, mashina yalikuwa manene kama njiti ya kiberiti, na majani yakakolea rangi.

Hapo angeweza kutulia. Lakini alikuwa mtu wa kupima. Adhuhuri moja akaubandua ule utepe, akaketi sakafuni. Mwanga ulikuwepo. Akazima taa zake. Akahesabu moja, mbili, tatu. Mwanga wa ukutani ukazima.

Akawasha. Moja, mbili, tatu. Ukawaka.

Akajiambia ni mwanga wake mwenyewe unaorudishwa na kioo cha upande wa pili. Lakini mwanga hauhitaji kuhesabiwa tatu ili urudi. Akaisogeza taima mbele kwa saa moja, kesho yake akairudisha nyuma kwa saa mbili, akaandika kila kitu kwenye daftari. Yule wa upande wa pili alifuata kila badiliko bila kukosea, kama mwanafunzi anayenakili ubaoni. Bi Miche hakumwambia mtu. Alirudisha utepe na kuirejesha taima kwenye saa zake. Kuanzia siku hiyo akawa anabisha hodi kabla ya kuingia katika chumba chake mwenyewe.

Siku ya mwisho dada mkubwa alikuja, miwani puani. Aliinama juu ya kila trei. Akashika shina moja la mrehani na kuliachia, likarudi mahali pake bila kuyumba. Akanusa vidole vyake.

"Mdogo wangu," alisema, "chumba ni chako. Ningekuwa na mikono yako nisingesumbuka na wapangaji."

Akamkabidhi ufunguo. Bi Miche aliupokea kwa mikono miwili na kushukuru, na machozi yalimlengalenga kweli. Kisha dada mkubwa akaomba aonyeshwe hiyo taima inavyofanya kazi, na Bi Miche akazizima taa ili aanze upya.

Giza likaingia. Utepe ulikuwa umeanguka sakafuni, na hakuna aliyeugusa. Mwanga wa ukutani ulikuwa unawaka. Bi Miche alihesabu tatu. Akahesabu kumi. Haukuzima.

"Kumbe una jirani," akasema dada mkubwa.

"Yupo," akasema Bi Miche.

Aliupeleka mkono kwenye swichi, kisha akasita. Mwanga ulizimika ghafla, na gizani akahisi kwamba sasa ni yeye anayesubiriwa. Akahesabu moja, mbili, tatu, kwa sauti ndogo, akawasha.

Katika trei zote nne, mbele ya macho ya dada yake, miche ilikuwa imesimama wima kabisa, hakuna hata mmoja ulioelemea ukutani. Bi Miche akatia ufunguo mfukoni na kuuliza kama dada angependa kuanza kuonja mrehani au nanaa.