Saa Moja ya Kimya

Wazo lilikuwa la Dekow mwenyewe, na siku ile alilipenda kama mtu anavyopenda kofia mpya.

Alikuwa karani wa redio ya mawasiliano kwenye kizuizi cha barabara, Garissa. Kila alfajiri, Koplo Gelle wa Modogashe alipita barabara ya kwenda Garissa na gari la doria kutafuta mabomu ya ardhini, kisha saa moja akatoa taarifa. Wiki nane mfululizo taarifa ilikuwa neno moja: hakuna.

"Betri inakufa, bwana," Gelle alilalamika. "Kusikiliza inakula kidogo, kusema inakula kama jeshi. Na mimi kila siku hakuna, hakuna, kama duka la Mwarabu mwisho wa mwezi!"

Dekow akacheka. "Basi ukikuta kitu, sema. Usipokuta, nyamaza. Ikipita saa moja na robo bila neno, nafungua kizuizi."

Mkubwa wao akatia sahihi. Kazi ikawa nyepesi, na kila aliyepita akasifu.

Siku ya kumi na mbili, redio ilikuwa kimya. Kizuizini, Nunow, shemeji yake Dekow, alikuwa ameegesha lori la unga na sukari, mkono haubanduki kwenye honi.

"Warya, shemeji! Watu wa Modogashe wanywe chai na chumvi? Au unangoja mabomu yaje yenyewe kukuamkia?"

"Subiri robo saa, wallahi una haraka kama bibi harusi."

Ikatimu saa moja na robo. Dekow alishika kipaza sauti, akataka kumwita Gelle. Akakumbuka betri. Akakumbuka pia kwamba utaratibu ni wake. Akakirudisha mahali pake.

"Njia nyeupe," akasema. "Nenda salama."

Mlio wa bomu ulifika Garissa kabla ya saa tatu.

Jioni Gelle aliletwa na lori la jeshi, midomo imempauka. Betri ya gari ndiyo iliyokuwa ya redio pia. Usiku ilikufa. Gari halikuwaka, kwa hiyo barabara haikukaguliwa. Redio haikuwaka, kwa hiyo hakuweza kusema hivyo. Alituma askari kwa miguu kupeleka habari. Maili tisini si mchezo.

"Ungeniita," Gelle alisema.

"Ungejibu nini?"

"Nisingejibu. Ungejua."

Siku zile za hakuna, Dekow alikuwa akizisikiliza kama mtu asikiavyo mvumo wa upepo. Hakuwahi kuona kwamba neno lile lilibeba mawili: barabara ni safi, na kuna mtu aliyeikagua. Aliokoa betri, akalitupa la pili.

Mtaani Waberi, Batula, dada yake Dekow na mke wa Nunow, alikuwa ameketi mkekani katikati ya wanawake waliokuja kumfariji. Hakulia mbele yake.

"Abboowe, kaka yangu," alisema, "walisema njia iko salama. Nani alisema?"

Dekow alitafuta jina la kumpa. Alitafuta sana.

"Hakuna aliyesema," akajibu. "Nilisikia kimya, nikaongeza mengine mwenyewe."