Pumzi Sitini na Moja

Tangu mwezi wa tatu hakuna mtu katika klabu yetu ya mbio aliyeniita kwa jina langu. Niliitwa Sitini na Moja.

Ilikuwa namba ya saa yangu ya mkononi. Saa yenyewe alinipa mdogo wangu wa kiume alipoacha mbio akaenda kujifunza useremala. "Dada, vaa tu, usiguseguse chochote," aliniambia, nami sikugusa. Kila nikimaliza kukimbia ilionyesha namba ya pumzi, yaani oksijeni nyingi kabisa ambayo mwili unaweza kuitumia kwa dakika moja, kwa kila kilo ya uzito. Siku Kocha aliponishika mkono akaisoma, uwanja mzima uligeuka.

"Sitini na moja! Huyu binti ana mapafu ya farasi!"

Kambi ya mazoezi ya wiki nane ilikuwa imebakiza nafasi moja ya msichana. Tuliokuwa tunaitazama ni wawili, mimi na mwenzangu tuliyemwita Mrefu. Mrefu alikuwa akinishinda karibu kila mara, na saa yake ilisema hamsini na tano. Kocha hakujali. "Wewe umeshaiva," alimwambia mbele ya watu. "Mwenzako bado mbichi, na tayari ana sitini na moja."

Mrefu alicheka, akanipa chupa yake ya maji ninywe. Nilikunywa bila kumtazama.

Kambi ilitaka karatasi ya maabara, kwa hiyo Kocha alitupeleka wote wawili chuoni. Chumba kilikuwa na mashine ya kukimbilia, feni kubwa, na barakoa inayofunika pua na mdomo, yenye bomba la kupeleka pumzi kwenye kipimo. Mama wa maabara, mfupi, miwani juu ya kichwa, alinifunga mkanda wa mapigo ya moyo kifuani.

"Umri, mwanangu?"

"Ishirini na nne."

"Na kwenye saa umeweka umri huohuo?"

"Ndiyo," nilisema.

Sikujua. Niliacha shule darasa la tano, na saa ile inazungumza lugha ya kigeni. Namba nazisoma, maneno hapana. Klabuni hakuna aliyelijua hilo. Karatasi zikigawiwa nasema macho yananiuma.

Mashine ilianza polepole. Kila dakika aliongeza mwendo, na bomba lilivuta pumzi yangu yote. Mwishoni miguu ilikuwa ya mtu mwingine. Niligonga reli kwa mkono, ishara ya kusimamisha, nikaning'inia pale kama nguo mbichi.

"Hamsini na mbili," alisema.

Kocha alicheka kama mtu aliyetaniwa. "Hapana, mama. Mashine yako imelala. Ana sitini na moja huyu."

"Mashine nimeipima asubuhi kwa hewa ya mtungi."

"Basi kaacha mapema. Ana aibu, si unamwona?"

"Tazama hapa." Aligeuza skrini. "Mwendo umeongezeka mara mbili za mwisho, oksijeni haikupanda tena. Na hewa chafu aliyotoa imezidi oksijeni aliyotumia. Huyu alifika mwisho. Moyo wake pia umegota mapigo mia na themanini na sita kwa dakika."

"Na saa je? Inadanganya?"

"Saa haipimi oksijeni, Kocha. Itaipimia wapi, mkononi? Inaangalia unakimbia kasi gani na moyo unapiga mara ngapi, halafu inabashiri: ukiongeza mpaka moyo ufike mwisho, ungefika wapi. Mwisho wa moyo wenyewe inaukisia kwa umri, mia mbili na ishirini utoe miaka yako. Kwa ishirini na nne itasema mia na tisini na sita. Ukweli wake ni chini ya hapo, kwa hiyo saa inadhani anakimbia kwa raha wakati anajitahidi. Inampa namba kubwa." Alipiga hesabu kwa vidole. "Lakini ingekuwa hamsini na sita, saba. Sitini na moja imetoka wapi?"

Aliniuliza tena. "Una hakika na umri?"

"Nina hakika."

Kisha Mrefu alipanda mashine. Alipata hamsini na nne, moja tu chini ya saa yake.

Kocha alikunja karatasi zote mbili. "Leo binti alikuwa amechoka," alisema. "Nitawaandikia kambi waelewe. Mrefu, wewe ni mwelewa, utasubiri mwaka ujao."

"Sawa, Kocha," alisema Mrefu. Aliinama kufunga kamba za viatu. Zilikuwa zimefungwa tayari.

Hapo nilisikia joto likipanda toka shingoni hadi masikioni. Nilivua saa nikamwekea mama wa maabara mezani.

"Nisomee," nilisema. Sauti ilitoka ndogo, ikabidi nirudie. "Sijui nini kimeandikwa. Sijui kusoma lugha hiyo. Hata yetu nasoma kwa shida. Saa ni ya mdogo wangu."

Alishusha miwani, akabonyeza, akabonyeza tena.

"Mwanamume," alisoma. "Miaka kumi na saba."

Kocha aliangua kicheko, kisha akaona hakuna anayecheka naye. Mimi nilitazama sakafu. Ilikuwa na mistari ya kijivu, niliihesabu.

"Hapo ndipo," alisema mama wa maabara, taratibu, kama anaongea na saa. "Imeuhesabu moyo wako mwisho mia mbili na tatu. Hata mazoezi mepesi imekupangia kwa mapigo ya juu mno. Huchoki ovyo?"

Nilichoka kila siku. Nilidhani ni uvivu.

"Samahani, dada," nilimwambia Mrefu.

"Samahani ya nini? Kwani wewe ndiye uliyeniambia nimeiva kama ndizi?" Alisema kwa sauti, Kocha asikie. Kocha akakohoa.

"Na wewe usichague mtu kwa hizi," mama wa maabara alimwambia Kocha. "Hamsini na mbili, hamsini na nne, ni jirani. Mwingine hutumia pumzi kidogo kwa mwendo uleule. Wakimbizane."

Jumamosi tulikimbia kilomita tano. Mrefu alinishinda kwa sekunde kumi na moja, akaenda kambini. Mimi nilirudi kwenye mbio za asubuhi, na jina jipya. Sasa naitwa Kumi na Saba. "Kumi na Saba, ndevu zimeota?" Nacheka nao. Usiku nikikumbuka ile "nina hakika", najifunika uso kwa shuka ingawa niko peke yangu.

Kabla hajaondoka, Mrefu alikaa nami kwenye ngazi za uwanja tukairekebisha saa. Alinifundisha neno la umri, la uzito, la mwisho wa moyo, nikaandika mwenyewe mia na themanini na sita. Alinikumbusha maneno ambayo mama wa maabara alituambia tulipoaga: namba moja usiiamini sana, siku ya joto inashuka, kwenye mlima inachanganyikiwa, mkanda wa saa ukilegea inasoma ovyo. Itazame ikielekea wapi, wiki hadi wiki, kwa njia ileile. Wala usiilinganishe na ya mwenzako.

Sasa nakimbia polepole hadi kuku wananipita. Wiki ya saba tangu tuirekebishe saa, Kocha alinisogelea, mikono mfukoni.

"Saa inasemaje?"

Nilivuta mkono wa jezi nikaifunika. Mazoea.

"Imepanda mbili, Kocha. Njia ileile, saa kumi na mbili asubuhi."

"Imefika ngapi?"

"Imepanda mbili," nilisema.

Alinitazama kidogo, akatikisa kichwa, akaandika hivyohivyo daftarini mwake.