Mtumiaji ni Redio

Tuseme ukweli, Karani alikuwa mbishi. Miaka thelathini na mmoja alikaa masijala, akipokea barua, akizigonga muhuri, akizipanga kwenye majalada, na hata baada ya kustaafu aliandika orodha ya sokoni kwa tarehe na namba ya kumbukumbu. Marehemu mkewe alikuwa akimcheka mpaka machozi. Yeye alimwita mkewe Redio, kwa kuwa mama yule alianza kuongea akiamka na kuzima akipitiwa na usingizi.

Nyumba nzima ilikuwa na simu moja, ya Karani. Kampuni ya simu ilipoleta msaidizi wa mtandaoni, mashine inayojibu maswali ya watu, Redio akapata wa kuongea naye. Alibonyeza kitufe, akasema, na maneno yake yakajiandika. Karani alidhani anauliza mambo ya vifurushi. Wapi!

Redio alipofariki, simu ilibaki na mazungumzo yake yote, na Karani hakuthubutu kuyafungua. Mwaka na nusu ukapita hivyo. Halafu siku moja simu ikatumbukia kwenye ndoo ya kufulia, ikafa palepale. Jamani, mzee alilia kama kafiwa mara ya pili.

Binti yake kitindamimba ndiye aliyemwambia kwamba kampuni nayo hutunza nakala. "Ila wanafuta kila kitu kikitimiza miaka miwili, baba. Kila siku inayopita, siku moja ya mama inafutika kule kwao. Na sheria inakuruhusu kuomba nakala. Waandikie leo."

Akaandika. Kalamu ya wino, mistari iliyonyooka: YAH: MAOMBI YA NAKALA YA MAZUNGUMZO YA MAREHEMU MKE WANGU. Binti akaisoma, akashika kiuno. "Baba, mama usimtaje. Akaunti ni yako. Sema 'taarifa zangu zote'."

"Maneno si yangu, niseme yangu? Mimi sijawahi kudanganya kwenye karatasi."

"Haya, yetu macho."

Jibu lilikuja baada ya siku ishirini na sita. Lilikuwa la heshima, na lilimkata maini: taarifa za mtu mwingine hawawezi kumpa, lakini kama yeye ndiye mwenye akaunti, anaweza kuomba nakala ya taarifa zote za akaunti yake, baada ya kuthibitisha kwamba ni yeye. Karani akahesabu kwenye kalenda ya ukutani. Siku ishirini na sita za Redio zimekwenda na maji kwa ajili ya kichwa chake kigumu. Hakula siku ile.

Akaandika upya: "Naomba nakala ya taarifa zangu zote mnazozitunza, yakiwemo mazungumzo yangu na msaidizi wenu." Akaambatisha nakala ya kitambulisho. Wakamtumia namba ya siri kwenye laini yake, ambayo sasa ilikuwa kwenye simu ya binti, akairudisha, akaambiwa asubiri siku zisizozidi thelathini.

Jumamosi moja mchana binti akaja mbio na kompyuta. Kiungo cha kupakua kimefika. Karani akavaa miwani, akakaa wima kama yuko ofisini.

"Sauti yake ipo?"

Binti akasoma maelezo. "Hapana, baba. Sauti huwa wanazifuta ndani ya mwezi mmoja. Yamebaki maandishi tu."

Mzee akavua miwani, akaipangusa, akaivaa tena. Kisha akasema, "Chapisha."

Zikatoka kurasa arobaini na tatu. Kila mstari wa Redio ulikuwa na neno Mtumiaji, na mbele yake jina kamili la Karani. "Hujambo mwanangu, umeshindaje?" Mashine anaisalimia, mama wa watu! Alikuwa ameuliza namna ya kutoa doa la wino kwenye shati jeupe. Ameuliza kama mwanamume akistaafu huugua kwa upweke. Karani akacheka, akapenga kamasi, akaendelea.

Ndipo akaona kwamba mazungumzo yote yalikatika kwa namna moja. "Haya mwanangu, tuishie hapa, mzee anataka simu yake." Ukurasa wa tatu, wa tisa, wa ishirini. Mzee anataka simu yake. Na kweli alikuwa akiitaka, tena kwa kufoka, asikilize taarifa ya habari. Iliuma, iliuma sana.

Ukurasa wa mwisho ulikuwa wa wiki ile ya hospitali. "Mwanangu, leo mzee hajaitaka simu. Amekaa hapa kanishika mguu, ananiacha niongee. Nina raha."

Binti alikuwa ameinamisha uso mezani. Karani akavuta kalamu yake ya wino. Mtu ambaye kwa miaka thelathini na mmoja hakuwahi kugusa hata nukta kwenye waraka wa mtu alianza ukurasa wa kwanza, akalikata jina lake kwa mstari mmoja ulionyooka, na juu yake akaandika: Redio. Akashuka mstari uliofuata.